Elfu Tano za Nani? Kusahihisha Menyu ya Mgahawa Murara

Andika 5.000 peke yake kwenye menyu ya mgahawa wa Murara, mjini Goma, na utakuwa umeandika bei mbili. Mkazi wa mtaa ataisoma kuwa franga za Kongo. Aliyevuka asubuhi kutoka Gisenyi na faranga za Rwanda mfukoni anaweza kuisoma kwa pesa yake, na kwake sahani ileile imepanda bei sana kabla mpishi hajawasha makaa. Ugomvi utatokea wakati wa kulipa, na mhudumu ndiye atakayebaki katikati.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu ushauri unaosambaa duniani kuhusu menyu unafundisha kinyume chake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walijaribu aina tatu za uandishi wa bei katika mgahawa wa chuo cha mapishi cha Hyde Park, jimbo la New York. Waliopewa menyu yenye tarakimu tupu walitumia pesa nyingi kuliko walioona alama ya dola au neno dola. Wachoraji wengi wa menyu wanafuta alama za pesa ili mteja asikumbuke kwamba analipa. Hyde Park kuna pesa ya aina moja. Goma dola na franga hulipwa kwenye meza moja, na faranga ya Rwanda haiko mbali. Hapa alama ya pesa ni sehemu ya bei yenyewe.

Tuchukue menyu ya mfano, niliyoiunda kwa makosa yanayoonekana kwenye kadi nyingi za mitaa ya Karisimbi. Ni ukurasa mmoja, umeandikwa kwenye simu, ukachapwa kwenye duka la fotokopi na kufunikwa plastiki. Fufu na samaki ni “8000fc”. Mstari wa chini, kuku ni “4$”. Mishikaki ni “3,5 usd”, pilau “6,000”, na chai haina bei kabisa, kwa kuwa mwenye mgahawa anadhani kila mtu anaijua.

Tatizo kubwa hapo ni nukta na mkato. Kwa mazoea ya Kifaransa, mkato hutenga senti. Kwa mazoea ya Nairobi na Kampala, mkato hutenga maelfu. Nukta nayo hufanya kazi hizo hizo kwa kubadilishana. Basi “3,5 usd” na “6,000” kwenye kadi moja vinamtaka mteja abadilishe kanuni ya kusoma kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mhariri achague kanuni moja na kuifuata hadi mwisho. Mimi ningechagua nukta kwa maelfu, kwa kuwa ndivyo Wakongo wengi wanavyoandika franga, FC baada ya tarakimu na nafasi katikati: 8.000 FC. Senti zisionekane popote.

Swali gumu zaidi ni kama kila chakula kiwe na bei mbili, ya dola na ya franga. Wenye migahawa wengi wanapenda hivyo kwa sababu inaonekana ni huduma. Hebu tupige hesabu. Sahani ya 7.000 FC, dola moja ikibadilishwa kwa franga 2.800, ni dola 2 na nusu kamili. Kiwango kikishuka hadi 2.300, sahani hiyohiyo ni dola 3 na senti kidogo. Plastiki haijui hayo. Kadi itaendelea kusema dola 2 na nusu, na kila mwenye dola atalipa kwa dola, kwa sababu ndiyo bei ya chini. Kiwango kikipanda, watalipa kwa franga. Kwa vyovyote mgahawa unapoteza, na mwenye mgahawa hushindwa kuelewa kwa nini sanduku linapungua ilhali meza zimejaa.

Kwa hiyo menyu ibebe pesa moja tu. Sombe, makaa na nyanya hununuliwa kwa franga, basi iwe franga. Kiwango cha siku kiandikwe kwa chaki pale wanapolipia: “Leo dola 1 = ... FC”. Ubao unafutika na kadi haifutiki. Kila bei iishie kwenye mia tano au elfu kamili. Bei kama 6.900 FC ni ujanja wa maduka makubwa, na huku inamlazimu mhudumu kutafuta noti ya mia ambayo haipo. Tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouchukua mji, noti mpya hazikuja kama zamani, na noti ndogo zilizobaki zimechakaa hadi watu wanazikataa.

Sasa tuje kwenye maneno. Kwenye kadi yetu ya mfano, samaki ameandikwa hivi: “Samaki mtamu sana ya Ziwa Kivu, fresh, ladha ya kipekee.” Mhariri akimwuliza mwenye mgahawa, mazungumzo huenda hivi:

“Mama, hii samaki inatoka ziwani?”

“Inatoka ku frigo.”

“Na mbele ya frigo?”

“Ile ya barafu, ya makaratasi.”

Yaani tilapia aliyegandishwa, aliyekuja ndani ya katoni kutoka mbali. Si samaki mbaya. Ubaya uko kwenye Ziwa Kivu lililoongezwa juu yake. Murara anakaa mtu ambaye jirani yake ni mvuvi na shangazi yake anauza samaki. Anajua ukubwa wa samaki wa ziwa lake, na anajua kwamba samaki wa ziwani hapatikani kila siku akiwa na urefu uleule. Akikukamata kwa samaki, hata maharagi yako atayatilia shaka.

Mwanaisimu Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua menyu za Marekani zipatazo 6.500 na kuandika matokeo katika kitabu chake cha 2014 kuhusu lugha ya chakula. Aliona kwamba maneno matupu ya sifa, kama tamu na ladha nzuri, hujaa zaidi kwenye menyu za bei ya chini, na migahawa ya gharama huyaepuka. Nadhani sababu ni rahisi: anayesema chakula chake ni kitamu hajasema kitu, kwani hakuna atakayeandika kwamba chake ni kibaya. Neno “kweli” ni baya zaidi. Ukiandika “kuku ya kweli”, mteja anaanza kujiuliza jana alikula nini.

Sifa inayofanya kazi ni ile ambayo mpishi anaweza kuionyesha kwa kidole: amekaangwa au amechomwa, mzima au vipande, kwa mafuta gani, pamoja na nini, atachukua dakika ngapi. Samaki wetu basi anaandikwa upya: “Tilapia mzima ya kukaanga, na mchuzi ya nyanya na vitunguu, pilipili pembeni. Na fufu ao wali. Dakika 25.” Ziwa limeondoka, na mate bado yanatoka. Je, ni lazima kuandika kwamba ni wa barafu? Kama ndiye samaki pekee mgahawani, naona inatosha kutosema kinyume na kumfundisha mhudumu ajibu ukweli akiulizwa. Ila mgahawa ukiuza pia tilapia wa Vitshumbi, kutoka Ziwa Edouard, kwa bei ya juu, basi wote wawili watajwe asili yao. Vinginevyo tofauti ya bei haieleweki.

Sambaza ndiyo mahali pa kujivunia ziwa. Samaki huyu mdogo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huvuliwa usiku kwa taa. Mwandishi wa menyu aandike bila woga: “Sambaza ya Kivu, ya kukaanga nzima, ndimu na pilipili.” Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti samaki vizuri, na mavuno hupungua. Ndiyo maana sambaza ipewe alama ndogo, nyota kwa mfano, na chini ya kadi ielezwe kwamba vyenye nyota hutegemea soko la siku. Jibini ya Masisi nayo ipate nyota. Barabara ikifungwa, haifiki.

Sombe inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kuna wanaoipika na mawese tu, wanaotia karanga na wanaotia ndakala. Kwa mwenye mzio, karanga ni hatari, na kwa asiyekula samaki siku hiyo ndakala ni usumbufu. Maneno matatu yanatosha: “na mawese, karanga”. Wasabato, ambao ni wengi mjini, hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale asifichwe chini ya jina la jumla la samaki. Mishikaki ihesabiwe: mbili, za mbuzi. Kuku wa kienyeji asichanganywe na mapaja ya barafu, na kama anachukua dakika 45, ziandikwe.

Tahajia nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa wahariri wengi huanza nayo na kuharibu. Mhariri aliyesoma Kiswahili cha vitabu ataona “samaki ya kukaanga” na “ao” na kushika kalamu nyekundu. Aiache. Ndivyo wateja wanavyosema, na sombe haihitaji kuitwa kisamvu ili ieleweke. Makosa yako kwingine. “Mchele” na “mchere” kwenye ukurasa mmoja ni kosa, kwa sababu ya kuyumba. Upande wa Kifaransa ni hatari zaidi: neno lao la samaki lina s mbili, na ukiandika moja unauza sumu ya kuchoma kwa 8.000 FC. Simu nayo ina tabia zake. Kibodi iliyowekwa Kifaransa inaweza kuichukua sombe, ikaipachika r, na mboga ikageuka giza.

Halafu kuna kazi ambayo wengi hawaipendi, ya kufuta. Kadi ina vyakula 40, jiko lina 9. Mteja anauliza, “Kuku iko?” Imeisha. “Pilau iko?” Kesho. Baada ya jibu la tatu haombi tena kadi, anauliza tu kuna nini. Mhariri akae na mpishi, apitie mstari kwa mstari, na afute kila ambacho hakijapikwa mwezi huu.

Kabla ya plastiki, ichapwe nakala moja tu. Mtu mmoja asome bei kwa sauti kutoka chini kwenda juu, bila kusoma majina, na mwingine afuate kwenye daftari la sanduku. Macho yanayoteremka na majina huona bei yanayoitarajia. Mhudumu aisome usiku, kwa taa ya sola, kwa kuwa wateja wengi wa jioni wataisoma kwa taa hiyo. Majina ya vyakula yawe yaleyale kwenye ubao, kwenye kadi na kwenye kikaratasi kinachokwenda jikoni. Pembeni chini, kwa herufi ndogo, mwezi na mwaka wa bei hizo.