Sura ya Sita: Msimulizi Aseme Lini

Kamera haioni bei. Haioni yaliyopita, wala haioni kitu ambacho hakipo. Yaliyobaki, yaani yanayoonekana na kusikika, inayaweza yenyewe, na msimulizi akiyarudia mtazamaji huacha kutazama, kwa kuwa ameshaambiwa atakachokiona. Ugumu wa kazi yetu ni kujua, tukiwa tumekaa mezani na picha zimeshaunganishwa, ni wapi hasa sauti ya msimulizi inahitajika.

Tuchukue makala ya dakika chache kuhusu wanawake wanaolima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Tuseme picha tulizo nazo ni hizi. Maji ya bamvua yametoka, na shambani yamebaki ya kufika vifundoni. Mwanamke anagongea kigingi mchangani kwa jiwe. Mwenzake anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vipande vingine anavitupa pembeni. Baadaye gunia linaburutwa hadi ufukweni, mwani unaanikwa, na mwisho mnunuzi anauweka kwenye mizani. Sauti tulizorekodi ni za jiwe na kigingi, maji, upepo, na wanawake wanaoitana.

Mswada wa kwanza wa simulizi mara nyingi huanza hivi: "Akina mama hawa wanaonekana wakifunga mwani kwenye kamba baharini." Hakuna neno hapo ambalo picha haijalisema. Tena sentensi hiyo imefunika mlio wa kigingi, ambao ndio ungemjulisha mtazamaji kwamba mchanga ni mgumu na kazi ni ya nguvu.

Njia ya kujikinga ni kuonyesha picha kabla ya kuandika. Ziunganishe kwa mpangilio wake, bila simulizi na bila muziki, zibaki na sauti asilia peke yake. Mwite mtu ambaye hakuwepo kwenye upigaji picha na hajui habari za mwani, umwoneshe, nawe usimweleze chochote. Akiuliza, andika swali lake na dakika aliyoliulizia. Mahali asipouliza kitu, huna sababu ya kuandika.

Kwa picha zetu za Jambiani, maswali yanaweza kuwa matatu: mbona wana haraka hivyo, mwani huu unakwenda wapi, na kwa nini yule mama anatupa vipande vingine?

Swali la kwanza halimhusu msimulizi. Haraka inatokana na maji kurudi, na maji yanayorudi yanaonekana. Tafuta picha ya mwanamke yuleyule maji yakiwa vifundoni, kisha magotini, kisha kiunoni, uziweke kwa kufuatana. Swali limejibika bila neno.

Swali la pili ni la msimulizi kweli, maana kamera yetu haikutoka Jambiani. Hapo aseme: "Ukishakauka, unauzwa nje ya nchi. Viwandani hutolewa ute wa kuzitia uzito dawa za meno na vyakula." Basi, hapo anyamaze.

La tatu lina sehemu mbili. Vipande vinavyotupwa vimeoza, na tukimsogelea mkulima kwa kamera tutaviona. Kilicho nyuma ya kuoza huko ndicho kisichoonekana. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wamepanda aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini haistahimili maji yakizidi joto, na mashamba mengi ya maji mafupi yamebaki na spinosamu. Kamera haiwezi kupiga picha ya kotonii ambayo haipo tena. Lakini hata hapa, kabla ya kumwita msimulizi, sikiliza mahojiano upya. Mkulima akiwa ameshasema, "Kotonii ilikuwa inatulipa, sasa ukipanda inaoza," mwachie nafasi aseme mwenyewe. Msimulizi abaki na kile ambacho mkulima hakukitaja, kwa mfano mwaka wa kuanza.

Tukishajua la kusema, tunatafuta pa kuliweka. Tazama picha ya mizani. Shauku ya kusimulia hapo ni kubwa, kwa sababu ndipo fedha inapopatikana. Ukisema bei mshale ukiwa unapanda, mtazamaji anasikiliza tarakimu na kuukosa uso wa mwanamke anayeutazama mshale. Irudishe sentensi ya bei nyuma, kwenye picha ndefu ya gunia linaloburutwa, ambayo haina tukio. Tukifika kwenye mizani tunyamaze. Mtazamaji anaijua bei ya kilo, anauona mshale unaposimama, na anapiga hesabu mwenyewe kwa wakati uleule ambao mkulima anaipiga. Sentensi moja iliyotangulizwa ndiyo iliyoupa ukimya huo maana.

Urefu nao una mipaka. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu huenda takriban maneno mawili kwa sekunde. Picha ya sekunde nane ingeweza kubeba maneno kumi na sita, lakini usiijaze. Acha sekunde mbili za mwanzo ili jicho lizoee mahali, na mbili za mwisho ili sauti asilia ipande tena. Yanabaki maneno manane hivi. Sauti asilia yenyewe ishushwe chini ya simulizi, isikatwe, kwa sababu ikikatwa mtazamaji huhisi ametolewa baharini na kuingizwa studio. Ndiyo maana kila mahali unapopiga picha unapaswa kurekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kusema. Usipokuwa nayo, mianya itasikika kila msimulizi anapoanza na anapomaliza.

Hadi hapa picha imekuwa upande wetu. Lakini picha isiyo na maneno nayo huweza kupotosha. Mfano unaojulikana Tanzania ni Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, iliyopigwa Mwanza. Haina msimulizi. Tunaona ndege za mizigo zinazobeba minofu kwenda Ulaya, watoto wa mitaani, mapanki yanayokaangwa, na tunasikia swali la kama ndege hizo huja na silaha. Mtazamaji huviunganisha mwenyewe, na ndiyo nguvu ya filamu hiyo. Ugomvi wake nao ulitoka hapohapo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon alihoji habari ya silaha na ya mapanki. Sauper alimshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda. Lakini hata baada ya kesi, picha za mapanki peke yake hazimwambii mtazamaji kiasi gani huliwa na watu, kiasi gani huwa chakula cha mifugo, wala ni nani Mwanza anakula sangara mzima. Idadi na mgawanyo ni vitu ambavyo kamera haivioni.

Kwa hiyo yule mtu uliyemwita kutazama, usimwache aondoke na maswali yake tu. Mwulize pia ameelewa nini. Katika makala ya Jambiani anaweza kusema kwamba hali ni nzuri, kwa kuwa ameona magunia yamejaa na wanawake wanacheka. Hakuuliza chochote, maana picha imeshampa jibu, na jibu si sahihi: gunia limejaa spinosamu ya bei ndogo. Hapo msimulizi ana wajibu wa kusema hata kama hakuna aliyeuliza, na aseme gunia likiwa bado linaburutwa, kabla jibu hilo halijakaa kichwani mwa mtazamaji.