Kabla ya Kukata, Tazama Asili

Kuna kosa la hesabu linalowapata zaidi wanafunzi hodari, kwa sababu wao ndio wepesi wa kurahisisha. Wape fankisheni hii, uwaambie watafute kikoa chake:

f(x) = (x² − 9) / (x² − 5x + 6)

Mara mkono unakimbilia kukata. Mwanafunzi anaona kwamba juu na chini pote pana (x − 3), anaifuta pande zote mbili, anabaki na (x + 3)/(x − 2), kisha anaandika kwamba kikoa ni namba zote isipokuwa 2. Hesabu yake ya kukata haina kasoro, lakini jibu si sahihi. Kuna namba nyingine iliyopaswa kukataliwa, nayo imefutika pamoja na kile alichokikata.

Tuanze na maneno yenyewe. Fankisheni ni kanuni: unaweka namba mahali pa x, nayo inakurudishia namba moja tu. Kikoa ni seti ya namba zote unazoweza kuziweka ukapata jibu. Fankisheni yetu imeandikwa kama sehemu, ina kiasi juu na asili chini. Kiasi hakina taabu, kwa kuwa namba yoyote inaweza kuzidishwa kwa yenyewe na kupunguzwa 9. Asili pia haina taabu ikiwa peke yake. Taabu huanza pale asili inapokuwa sifuri, maana tumeagizwa kugawanya kwa asili hiyo.

Kwa nini sifuri ikataliwe? Si kwa amri ya mwalimu, bali kwa maana ya kugawanya kwenyewe. Tukisema 12 gawanya kwa 4 ni 3, tunachosema ni kwamba 3 mara 4 inarudisha 12. Kila swali la kugawanya ni swali la kuzidisha lililogeuzwa: ni namba gani, ikizidishwa kwa kigawanyo, italeta ile tuliyoanza nayo?

Sasa uliza −5 gawanya kwa 0. Unatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata −5. Tafuta utakavyo, huipati, kwa sababu kila namba ikizidishwa kwa sifuri huwa sifuri. Swali hili halina jibu hata moja.

Halafu uliza 0 gawanya kwa 0. Unatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 0. Je, ni 1? Inafaa. Je, ni 6? Nayo inafaa. Hata −400 inafaa. Hapa tatizo limegeuka: majibu ni mengi kupita kiasi, na hakuna hata moja lenye haki ya kuitwa jibu kuliko mengine. Fankisheni imeahidi kurudisha namba moja, na hapa haiwezi kutimiza ahadi.

Mtu anaweza kusema, basi tukubaliane tu jibu liwe namba fulani. Wazo hilo lina historia ndefu. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika mwaka 628 kanuni za kufanyia hesabu kwa sifuri, na humo alisema kwamba sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri. Kanuni zake nyingi tunazitumia hadi leo, lakini hiyo haikudumu. Tazama sababu: sote tunakubali kwamba 0 × 5 = 0 × 7. Kama kugawanya kwa sifuri kungeruhusiwa kama kugawanya kwingine, tungeondoa sifuri pande zote mbili na kubaki na 5 = 7. Ukifungua mlango huo, hakuna hesabu itakayosalimika.

Turudi kwenye fankisheni yetu. Ili kupata kikoa, weka kiasi kando na uishughulikie asili peke yake, kama ilivyoandikwa mwanzo. Uliza ni lini inakuwa sifuri:

x² − 5x + 6 = 0

Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 6 na zikijumlishwa zinaleta −5. Namba hizo ni −2 na −3, kwa hiyo mlinganyo unakuwa (x − 2)(x − 3) = 0. Zao la namba mbili huwa sifuri pale tu mojawapo inapokuwa sifuri, hivyo x ni 2 au x ni 3. Hizo ndizo namba za kukataliwa. Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa 2 na 3.

Kiasi nacho kina namba zinazokifanya kuwa sifuri, 3 na −3, na wako wanaoikataa −3 kwa kuchanganya juu na chini. Ijaribu: kiasi kinakuwa 0, asili inakuwa 9 + 15 + 6, yaani 30. Sifuri gawanya kwa 30 ni 0, jibu halali kabisa. Sifuri juu si kosa. Kosa ni sifuri chini.

Ukiziweka 2 na 3 zenyewe, utaona kwamba yale maswali mawili tuliyouliza yamo humu ndani. Kwenye 2, kiasi ni −5 na asili ni 0: swali lisilo na jibu. Kwenye 3, kiasi ni 0 na asili ni 0: swali lenye majibu yote. Zote zimekataliwa, ila grafu inazitendea tofauti.

Isogelee 2 kutoka juu. Kwa 2.1 fankisheni inatoa 51, kwa 2.01 inatoa 501, kwa 2.001 inatoa 5001. Ukiisogelea kutoka chini, 1.9 inatoa −49 na 1.99 inatoa −499. Mchoro unapaa upande mmoja na kuzama upande mwingine, kana kwamba pale pana ukuta uliosimama wima usiogusika.

Sasa isogelee 3. Kwa 2.99 unapata takribani 6.05, na kwa 3.01 takribani 5.95. Mchoro unapita kwa utulivu ukielekea 6, lakini kwenye 3 yenyewe pana tundu la nukta moja. Kwenye daftari tundu hilo huchorwa kwa kiduara kitupu, maana jicho peke yake lisingeliona.

Ukiwa na kompyuta yenye Excel, shuhudia mwenyewe. Andika 3 kwenye kisanduku A1, kisha kwenye kisanduku kingine andika:

```
=(A1^2-9)/(A1^2-5*A1+6)
```

Utaona `#DIV/0!`. Badilisha uandike `=(A1+3)/(A1-2)` na utaona 6. Fomula mbili zinazolingana kwenye namba nyingine zote zimeachana kwenye namba moja. Kukata (x − 3) ni kugawanya juu na chini kwa (x − 3), na kazi hiyo ni halali pale tu (x − 3) isipokuwa sifuri. Ndiyo maana anayekata kwa uaminifu hubeba sharti lake hadi mwisho wa mstari:

f(x) = (x + 3)/(x − 2), x ≠ 2, x ≠ 3

Wahenga walisema jasiri haachi asili. Fankisheni nayo, hata ikivuliwa (x − 3) juu na chini, bado inaifuata asili iliyozaliwa nayo.