Kusoma Makosa Katika Picha ya Daftari Lililosahihishwa

Alama ya kosa kwenye daftari huonyesha swali lililokosewa. Sababu ya kukosea imo katika hatua alizoandika mwanafunzi. Kwa hiyo picha ya ukurasa uliosahihishwa lazima ionyeshe vyote viwili. Daftari hulazwa mezani karibu na dirisha, simu ikashikwa juu yake bila kuinamishwa, na picha hupigwa kwa rangi. Picha ya nyeusi na nyeupe huchanganya wino mwekundu wa mwalimu na maandishi ya mwanafunzi.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Vema zote zikijumlishwa zilingane na maksi zilizoandikwa juu ya ukurasa. Zisipolingana, huenda vema moja ndefu imepita kwenye maswali mawili, au masahihisho yaliyoandikwa baadaye yamedhaniwa kuwa jibu la awali. Kosa hili la usomaji humpata mtu, na hata programu ya kusoma picha.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepata 5 kati ya 10 katika kujumlisha sehemu. Majibu yake matano yaliyokosewa ni haya:

1/2 + 1/3 = 2/5
3/4 + 1/6 = 4/10
2/5 + 1/2 = 3/7
8/15 + 5/15 = 14/15
7/9 + 4/9 = 11/9

Katika matatu ya kwanza amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Jibu la 2/5 ni dogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo, jambo lisilowezekana kwa kuwa ameongeza. Katika la nne njia ni sahihi, ila 8 na 5 ni 13. Katika la tano hesabu ni sahihi, lakini mwalimu alitaka namba mchanganyiko, yaani 1 2/9.

Maswali yenye vema nayo husomwa. Hapa yote matano yana asili zinazofanana. Basi mwanafunzi anajua kujumlisha sehemu, isipokuwa asili zinapotofautiana. Orodha inakuwa hivi:

- Kosa la kutoelewa, mara 3: arudie sehemu zenye thamani sawa, kisha kutafuta asili ya pamoja kwa KDS.
- Kutomaliza jibu, mara 1: arudie kubadili sehemu guni kuwa namba mchanganyiko.
- Kuteleza katika hesabu, mara 1: hakuna mada ya kurudia, ahakiki jibu kabla ya kukusanya daftari.

Kosa lililotokea mara moja halitoshi kuthibitisha udhaifu. Hata lililojirudia hupimwa kwa swali jipya, kama 1/4 + 1/5. Akiandika 2/9, mada imethibitika. Akiandika 9/20, aelezwe kwa mdomo jinsi alivyoipata, kwa sababu pale ambapo daftari lina jibu tupu bila hatua, picha haiwezi kusema kosa lilianzia wapi.