Asilimia Mbili Zisizolingana

Fundi cherehani wa Morogoro anataka mashine mpya ya kudarizi, na mfukoni zimepungua shilingi 1,200,000. Ameuliza sehemu mbili. Kote ameambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi, muda ni miezi 12, na malipo ni ya kila mwezi. Kwa masikio yake mikopo hii ni sawasawa, basi atachagua ofisi iliyo karibu na kituo cha daladala. Asichojua ni kwamba mmoja utamgharimu riba ya shilingi 288,000 na mwingine 156,000.

Hakuna aliyemdanganya. Asilimia 2 ni kweli kote kuwili. Tatizo ni kwamba asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na hakuna aliyemwambia ni asilimia 2 ya kitu gani.

Ofisi ya kwanza inatumia ile riba ambayo maofisa mikopo huiita fleti. Hesabu yake haichukui dakika. Asilimia 2 ya 1,200,000 ni 24,000. Deni la msingi likigawanywa kwa miezi 12 ni 100,000. Jumlisha, rejesho ni 124,000 kila mwezi mpaka mwisho. Riba ya mwezi wa kwanza ni 24,000, na ya mwezi wa kumi na mbili ni 24,000 vilevile. Sasa tazama ule mwezi wa mwisho kwa makini. Fundi ameshalipa 1,100,000 ya msingi, na pesa ya mkopeshaji iliyobaki mikononi mwake ni 100,000 tu. Bado anatozwa 24,000, yaani karibu robo nzima ya kile anachodaiwa, kwa mwezi mmoja. Ni kama kuendelea kulipa kodi ya nyumba ya vyumba kumi na viwili wakati kila mwezi umekuwa ukirudisha ufunguo wa chumba kimoja.

Ofisi ya pili inatoza riba kwa salio, au riba inayopungua. Mwezi wa kwanza fundi anadaiwa 1,200,000, kwa hiyo riba ni ileile 24,000. Akishalipa laki moja ya msingi, salio ni 1,100,000 na riba ya mwezi wa pili ni 22,000. Mwezi wa tatu 20,000. Inateremka hivyo kwa elfu mbili mbili hadi mwezi wa mwisho, ambapo salio la 100,000 linazaa riba ya 2,000. Jumlisha zote, utapata 156,000. Tofauti ya 132,000 kati ya ofisi hizi mbili ni zaidi ya rejesho la mwezi mzima.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wameambiwa kwamba riba inayopungua utaitambua kwa rejesho kushuka kila mwezi, na kwamba rejesho lisilobadilika ni fleti. Si lazima. Wakopeshaji wengi wa riba inayopungua husawazisha malipo ili mteja akumbuke tarakimu moja. Kwa mkopo wetu, rejesho lililosawazishwa ni kama 113,472 kila mwezi. Kilichobadilika ni mgawanyo wa ndani: mwezi wa kwanza 24,000 ni riba na 89,472 inapunguza deni, ila mwezi wa mwisho riba ni kama 2,225 tu na iliyobaki yote ni msingi. Kwa njia hii riba ya mwaka mzima hufika takriban 161,700, juu kidogo ya 156,000, kwa sababu deni linapungua polepole zaidi mwanzoni. Kwa hiyo omba jedwali la marejesho, kisha usihangaike na safu ya rejesho. Teremsha kidole kwenye safu ya riba. Ikiwa ni 24,000 toka juu hadi chini, hiyo ni fleti, hata kama tangazo ukutani linasema vingine.

Basi fleti ya asilimia 2 ni sawa na asilimia ngapi za riba inayopungua? Mwenye simu yenye programu ya majedwali anaweza kupata jibu mwenyewe. Aandike kwenye kisanduku kimoja idadi ya miezi, rejesho na kiasi alichopokea:

```
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Jibu ni kama 0.03475, yaani karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. (Kisanduku kikionyesha 3%, ongeza nafasi za desimali.) Kwa mwaka hiyo ni karibu asilimia 42, wakati mteja aliondoka ofisini akiamini amekopa kwa 24. Na ukikatwa ada kabla ya kupewa pesa, weka kwenye fomyula kile ulichopokea mkononi badala ya kilichoandikwa kwenye mkataba. Utaona kiwango kinavyopanda.

Sitaki kuifanya fleti ionekane wizi. Ina faida yake: mwanakikundi anaweza kuikokotoa kichwani, na mweka hazina mwenye daftari na kalamu hakosei. Tena fleti ya kiwango kidogo inaweza kuishinda riba inayopungua ya kiwango kikubwa. Mkopo wetu kwa fleti ya asilimia 1 ungezaa riba ya 144,000, pungufu ya ule wa asilimia 2 kwa salio. Na kama mkopo unalipwa wote kwa mkupuo mmoja mwisho wa muda, mfano mkulima anayelipa baada ya kuvuna, njia zote mbili hutoa jibu lilelile, maana salio halikupungua njiani. Pengo huzaliwa pale unapolipa kidogo kidogo, na malipo yakiwa mengi hukaribia kuwa mara mbili.

Fleti huuma zaidi siku unapotaka kumaliza deni mapema. Tuseme fundi wetu amepata tenda ya sare za shule na baada ya rejesho la sita anataka kulipa lote. Kwenye riba inayopungua yenye malipo yaliyosawazishwa, salio lake ni kama 636,000, na riba ya miezi iliyobaki inafutika. Kwenye fleti, mikataba mingi ilishaiandika riba ya mwaka mzima kuwa deni tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ataambiwa alete 744,000. Ndani yake mna 144,000 ya riba kwa miezi ambayo hatakuwa na pesa ya mtu. Wapo wakopeshaji wanaosamehe sehemu yake, lakini msamaha usioandikwa kwenye mkataba unategemea hisani ya meneja.

Nchini Tanzania, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama na masharti kabla mteja hajasaini. Kwa hiyo kuuliza si usumbufu, ni haki yako. Ukiketi mbele ya ofisa mikopo, uliza maswali mawili tu: nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, na nikitaka kumaliza nusu ya muda nitadaiwa ngapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye muhuri. Ofisa akikujibu kwa asilimia badala ya shilingi, rudia swali. Akikwepa tena, usisaini.