Makala na Rika Lake

Mhariri wa tovuti akifungua takwimu za mwezi, kitu cha kwanza anachokiona ni jumla ya usomaji. Jumla hiyo haimwambii kama wasomaji walifuata makala za wiki iliyopita au za mwaka juzi. Mwaka 2015, kampuni ya Kimarekani ya HubSpot, inayochapisha makala nyingi za masoko, ilitoa matokeo baada ya kutenganisha mpya na za zamani: asilimia 76 ya usomaji wa mwezi ilitokana na makala zilizochapishwa kabla ya mwezi huo.

Ili kujua kila makala huvuta wasomaji kwa muda gani, wachambuzi huzipanga kwa marika. Zilizotoka Januari ni rika moja, za Februari rika jingine. Kila rika hupewa mstari wake katika jedwali, na safu huonyesha umri: siku 30 za kwanza, 30 zinazofuata, na kuendelea. Umri huhesabiwa tangu siku makala ilipotoka, kwa sababu iliyochapishwa tarehe 30 Januari ikihesabiwa kwa kalenda itaonekana imeanza vibaya, kumbe imepewa siku mbili tu.

Tuchukue mfano. Rika la Januari lina makala 10, la Februari 20. Katika siku 30 za kwanza, Januari ilisomwa mara 4,000 na Februari mara 6,000. Ukigawa kwa idadi ya makala, Januari inaongoza: 400 kwa kila moja dhidi ya 300. Kufikia mwezi wa saba, Januari imebaki na 850, yaani 85 kwa kila makala, ilhali Februari ina 200 tu, yaani 10.

Je, makala za Januari zina maisha marefu? Mhariri anaifungua ile 850 na kukuta 780 ni za makala moja, inayoeleza namna ya kupata cheti cha kuzaliwa. Tisa zilizobaki zinagawana 70, takriban 8 kila moja, chini hata ya wastani wa Februari. Ndiyo maana wastani pekee hautoshi. Lazima kuitazama pia makala iliyo katikati ya rika zikipangwa kwa usomaji.

Kuna mtego mwingine. Marika yote yakishuka pamoja katika mwezi uleule wa kalenda, kila moja likiwa na umri wake, uzee si sababu. Katika jedwali, anguko hilo hupita kimshazari. Huenda kipimo kimeharibika, au mtambo wa kutafutia umebadili namna unavyopanga matokeo.

Mhariri wetu sasa anairudia makala ya cheti, anahakiki ada na fomu zilizotajwa, kisha anaandika tarehe ya marekebisho kwenye jedwali, ili usomaji ukipanda ajue ulipanda lini.