Vita vya dakika 38 na filamu isiyokuwepo

Agosti 27, 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga mizinga kasri la Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Vita havikufika saa moja. Mara nyingi hutajwa dakika 38. Picha za mnato za magofu zipo, zilizopigwa baada ya moshi kutulia. Filamu haipo. Sinema yenyewe ilikuwa changa mno: ndugu Lumière walianza kuwaonyesha watazamaji wa kulipa huko Paris mwezi Desemba 1895.

Leo filamu hiyo inaweza kutengenezwa na mtu mmoja kwa akili mnemba, moto ukiwaka ghorofani, askari wakikimbia, bahari ikimetameta nyuma yao. Tuseme kijana mwenye chaneli ya historia YouTube ameitengeneza na sasa anataka kuipandisha. Awaambie nini watazamaji, na awaambie wapi?

Tangu Machi 2024, YouTube humtaka anayepandisha video ajibu swali kuhusu jambo hili. Kwenye YouTube Studio, katika ukurasa wa maelezo ya video, lipo eneo liitwalo "Altered content", na jibu ni ndiyo au hapana. Wengi hulisoma swali hilo kana kwamba linauliza kama umetumia akili mnemba. Haliulizi hivyo. Linauliza kama video inamfanya mtu halisi aonekane akisema au kutenda asilolifanya, kama imebadilisha picha za tukio au mahali halisi, au kama imezalisha tukio lenye sura ya ukweli ambalo halikutokea. Kipimo ni macho ya mtazamaji: je, anaweza kudhani kamera ilikuwapo?

Tuipitie video ya kijana wetu kipande kwa kipande. Ramani inayoonyesha meli zikijipanga bandarini imechorwa kwa akili mnemba, lakini hakuna atakayeidhania kuwa bahari yenyewe, hivyo haidai tamko. Mswada wa simulizi, kichwa cha habari na picha ya jalada vimesaidiwa na akili mnemba pia, na navyo vimesamehewa. Picha chakavu ya magofu iliyosafishwa mikwaruzo na kuongezewa ung'avu inahesabiwa kuwa marekebisho madogo.

Mambo hubadilika anapofika kwenye kasri linaloungua. Anaweza kujitetea kwamba moto ulikuwapo kweli. Ni sawa, lakini miali ile, watu wale na pembe ile ya kutazamia havikupata kuwa mbele ya lenzi yoyote, na vimetengenezwa vifanane na vilivyopigwa picha. Hapo jibu ni ndiyo. Kisha amechukua picha ya mnato ya Khalid, akaichezesha midomo na kuipa sauti inayolaani Waingereza. Khalid ni mtu halisi, aliyefariki Mombasa mwaka 1927, na maneno hayo hakuyasema. Jibu ni ndiyo tena, hata kama maana yake inakubaliana na msimamo wake. Kipande kimoja cha namna hii kinatosha kuifanya video nzima itamkwe.

Akishajibu ndiyo, kazi ya YouTube ni kuweka lebo. Hapa ndipo watengenezaji wengi hawaangalii vizuri. Kwa kawaida lebo hukaa ndani ya maelezo yaliyo chini ya video, na mtazamaji huiona akiyafungua. Hujitokeza juu ya video yenyewe hasa kwenye mada nyeti kama afya, habari, uchaguzi na fedha. Historia ya mwaka 1896 si mojawapo ya hizo. Kwa hiyo kijana anaweza kutimiza sharti kikamilifu na watazamaji wake wengi wasijue lolote.

Kukaa kimya nako kuna gharama. YouTube yaweza kuweka lebo yenyewe, na mwenye chaneli asiweze kuiondoa. Anayeficha mara kwa mara anaweza kufutiwa video au kusimamishwa kwenye mpango wa kugawana mapato ya matangazo. Kampuni hiyo imesema kwamba kutamka peke yake hakupunguzi watazamaji wala malipo, hivyo hofu ya kupoteza pato si sababu ya kubofya hapana.

Kwenye TikTok kuna swichi ya "AI-generated content" wakati wa kupandisha, na kila picha, sauti au video yenye sura ya uhalisia iliyotengenezwa hivyo hutakiwa kuwekewa lebo. Lakini huko lebo haifungui kila mlango. Sura ya mtu binafsi bila idhini yake, au tukio la dharura lililobuniwa likavalishwa sura ya chombo cha habari, havikubaliki hata vikiandikwa wazi. Meta, yenye Facebook na Instagram, ilianza mwaka 2024 kwa maneno "Made with AI". Wapiga picha walilalamika kwamba kazi zao halisi zilipigwa mhuri huo kwa sababu ya marekebisho madogo tu, na Julai mwaka huo maneno yakawa "AI info". Mitambo ilikuwa ikisoma alama zilizofichwa ndani ya faili, na alama hizo hazikutofautisha kufuta doa na kubuni tukio zima.

Alama hizo za ndani zina udhaifu mwingine. Mtu akirekodi skrini ya simu yake, faili linalozaliwa ni jipya na alama nyingi za aina hiyo hazimo. Lebo ya YouTube nayo ni mali ya ukurasa wa YouTube. Sekunde 20 za kasri linaloungua zikikatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, zinakwenda peke yao, na baada ya kupita mikono michache huwa "video ya kale ya vita vya Unguja".

Kwa hiyo tamko linalofaa zaidi ni lile lililoandikwa juu ya picha yenyewe. Likae muda wote kipande kinapoonekana, maana lile la sekunde tatu za mwanzo hukatwa pamoja na mwanzo. Lisogee mbali na ukingo, ambako kukata fremu ni rahisi na vitufe vya simu hufunika maandishi. Na maneno yaseme jambo kamili. "AI" peke yake haimwelezi mtu mengi. "Picha hii imetengenezwa kwa akili mnemba, hakuna filamu inayojulikana ya tukio hili" inamweleza mambo mawili anayoyahitaji. Kwa Khalid, iandikwe kwamba sauti na maneno ni ya kubuni, na msimulizi aseme hivyo pia, kwa ajili ya anayesikiliza bila kutazama.

Bado kuna kosa ambalo hakuna lebo inayoligusa. Programu za akili mnemba hujifunza kutokana na picha zilizopo, na picha nyingi za Beit al-Ajaib, mojawapo ya majengo ya kasri hilo, zinaonyesha mnara wa saa ukiwa umeungana na uso wa jengo. Mnara huo ulijengwa baada ya mizinga ya 1896. Kabla yake, mnara mwingine ulisimama peke yake mbele. Kijana anaweza kubofya ndiyo, akaandika tamko lake vizuri, na bado akawaonyesha watu asubuhi ya vita ikiwa na mnara ambao haujajengwa. Lebo humwambia mtazamaji kwamba picha imetengenezwa. Haimwambii ni sehemu gani imekosewa, na kwa hilo hakuna kitufe cha kubofya: ni lazima mtengenezaji aiweke video yake kando ya picha za mnato za wakati ule na kuzilinganisha kabla hajaipandisha.