Rangi ya chungwa inabaki, mama

Mwenye duka la khanga akipokea barua ya mbunifu wa tovuti yake, hofu yake ya kwanza ni kwamba rangi ya duka itaguswa. Barua nzuri inaanzia hapo. Tuchukulie duka la Kariakoo ambalo bango lake ni la rangi ya chungwa, ile inayoandikwa #FFA500 kwenye kompyuta, na kwenye tovuti kuna kitufe cha "Agiza" cha rangi hiyo hiyo chenye herufi nyeupe.

"Shikamoo mama," anaandika mbunifu. "Rangi ya chungwa inabaki. Ninachobadilisha ni herufi tu, nyeupe zitakuwa nyeusi."

Sababu ni kwamba weupe na chungwa hilo havitofautiani sana kwa mwanga. Tofauti hiyo hupimwa kwa uwiano: nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna inayozidi hapo. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Kitufe hiki hakifiki hata 2, lakini herufi zikiwa nyeusi kinapita 10. Bila shaka tarakimu hazimshawishi kila mtu. Afadhali barua imwombe mama atoke na simu barazani saa saba mchana, asome kitufe kwenye jua, aone mwenyewe.

Kwenye mpangilio ndipo penye kazi. Tovuti ya sasa inapanga picha tatu kwa mstari, zote za mraba. Kwenye simu kila picha inapata sentimita mbili hivi, na jina la khanga, yaani yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, halisomeki. Tena khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja na kidogo. Ukiikata iwe mraba unapoteza karibu robo ya urefu, na jina refu linakatwa mwanzo na mwisho. Sasa nani atanunua khanga asiyojua inasema nini? Hapo mteja hana budi kuuliza kwa simu, au anaondoka.

Kwa hiyo mbunifu anapendekeza picha moja kwa mstari, nzima, na chini yake jina lililoandikwa kwa herufi za kawaida, bei, kisha kitufe. Hasara yake aitaje waziwazi: ukurasa utakuwa mrefu, mteja atateleza kidole zaidi. Ndiyo maana anaongeza kisanduku cha kutafuta khanga kwa jina lake, jambo ambalo lisingewezekana majina yakiwa ndani ya picha tu.

Bei hazibadiliki, wala anwani za kurasa, kwa kuwa wateja wameshatumiana hizo kwenye WhatsApp na zikibadilika hazitafunguka.

"Ninachohitaji kwako, mama, ni picha mpya. Khanga itandazwe yote, pindo lionekane pande zote nne, na anayepiga asimame juu yake, si pembeni."